Le, guo au zhe? Kuigawa "-me-" ya Kiswahili ndani ya Kichina

Umeingia kwenye duka la viatu Guangzhou, mlikubaliana na mwenzako mkutane hapo. Humwoni. Unamuuliza mwenye duka kama mwenzako kafika. Anaweza kukujibu kwa sentensi moja kati ya hizi mbili, na tofauti yake ni silabi moja isiyokuwa hata na toni:

他来了。 Tā lái le.
他来过。 Tā lái guo.

Ya kwanza ina maana amekuja na yupo, labda yuko ghorofani anaangalia mzigo. Ya pili ina maana alikuja, akaondoka. Ukiichanganya ya pili na ya kwanza utakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka duka lifungwe. Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndani yake mna shida yote ya Mswahili anayejifunza vijineno hivi. Sisi tuna "-me-" moja ambayo tunaitumia bila kufikiri, na Kichina kinaidai ijieleze: hii -me- yako ni ya namna gani?

Wengi wetu tunaanza kwa kuambiwa kwamba *le* ndiyo "wakati uliopita". Maelezo hayo yanakaa sawa wiki ya kwanza, kisha yanakuharibia miezi sita. Kitenzi cha Kichina hakibebi wakati. Wakati unabebwa na maneno kama jana, kesho, mwaka ule. Angalia:

我明天下了班就去找你。 Wǒ míngtiān xià le bān jiù qù zhǎo nǐ. Kesho nikishatoka kazini nitakuja kwako.
昨天我很忙。 Zuótiān wǒ hěn máng. Jana nilikuwa na kazi nyingi.

Katika sentensi ya kesho *le* ipo. Katika sentensi ya jana haipo. Kwa hiyo usiitafute *le* kwenye -li-. Tafuta kwenye -me- na -sha-. Ile "nikishatoka" imeibeba *le* barabara, kwa sababu zote mbili zinasema tendo moja linatimia ndipo jingine lianze.

Le au guo

Jaribio la kwanza ni rahisi: jaribu kuingiza neno "wahi". Kama sentensi yako inalipokea na maana inabaki ile uliyoitaka, kijineno chako ni *guo*. Kama "wahi" inaigeuza sentensi, rudi kwenye *le*.

他去了中国。 Tā qù le Zhōngguó. Amekwenda China.
他去过中国。 Tā qùguo Zhōngguó. Amewahi kwenda China.

Ukinipigia simu kumuulizia ndugu yangu nami nikakujibu "amekwenda China", hutauliza kama yupo nyumbani. Nikisema "amewahi kwenda China", huenda amekaa hapa pembeni yangu anakunywa chai. Kichina kinafanya hivyohivyo. *Guo* inakuambia kwamba jambo lilitokea na sasa limeshapita, mambo yamerudi yalivyokuwa, kilichobaki ni kumbukumbu au uzoefu.

Hilo la mambo kurudi yalivyokuwa ndilo linalosaidia pale ambapo "wahi" inaleta utata. Mtu anakuambia 他的腿断了 (tā de tuǐ duàn le): mguu wake umevunjika, mpelekeni hospitali. Akisema 他的腿断过 (tā de tuǐ duànguo), mguu uliwahi kuvunjika, ulishaunga, na ndiyo maana anachechemea kidogo wakati wa baridi. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kusema 他死过 juu ya mtu aliyefariki. Kifo hakirudi nyuma, basi hakina *guo*, utasema 他死了.

Kwenye ukanushi ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Ukikanusha kwa 没 (méi), *le* ya kitenzi inaondoka lakini *guo* inabaki:

我没去。 Wǒ méi qù. Sikwenda.
我没去过。 Wǒ méi qùguo. Sijawahi kwenda.

Sentensi 我没去了, kwa maana ya "sikwenda", ni kosa ambalo Mchina atalisikia papo hapo. Ukikumbuka kwamba *le* inatangaza kutimia, utaona kwa nini: huwezi kutangaza kutimia kwa jambo ambalo halikutimia. Uzoefu unaweza kuwepo au kutokuwepo, kwa hiyo *guo* haina ugomvi na *méi*.

Kuna *guo* nyingine ambayo itakuchanganya ukiisikia mezani: 你吃过饭了吗？ (nǐ chīguo fàn le ma?). Huyo haulizi kama umewahi kula chakula maishani mwako. Anauliza "umeshakula?", na ndiyo maana mwishoni ameweka *le*. Ukiona *guo* na *le* zimefuatana kwenye jambo la kila siku, isome kama -mesha-.

Mahali pa *le* penyewe pana maana. Inaweza kukaa nyuma ya kitenzi au mwisho wa sentensi. 我买了两双鞋 (wǒ mǎi le liǎng shuāng xié) ni "nimenunua viatu pea mbili", imekamilika kwa sababu kuna idadi. 我买鞋了 (wǒ mǎi xié le) ni "nimeshanunua viatu", habari mpya, nayo imekamilika. Lakini ukisema 我买了鞋 na kunyamaza, msikilizaji wako anabaki anakusubiri, kama mtu aliyesikia "nikishanunua viatu..." kisha kimya. Kwa hiyo: kitu chenye idadi au maelezo, *le* baada ya kitenzi, kitu kitupu, *le* ipeleke mwisho.

Le au zhe

Hapa ndipo Kiswahili kinakupa faida ambayo wengine hawana, ukijua kuitumia. Chukua kitenzi "vaa". Tuna "anavaa" na tuna "amevaa". Anavaa: mkono mmoja uko ndani ya koti, mwingine unatafuta njia. Amevaa: koti liko mwilini, yeye anaendelea na mambo yake. Mtoto wa miaka minne anayeongea Kiswahili hakosei hapo. Sasa weka pembeni yake Kichina:

| Kiswahili | Kichina | Kinachoonekana |
|---|---|---|
| Anavaa koti | 他在穿大衣 tā zài chuān dàyī | Tendo linaendelea |
| Amevaa koti | 他穿着大衣 tā chuānzhe dàyī | Hali iliyobaki baada ya tendo |
| Amewahi kuvaa koti | 他穿过大衣 tā chuānguo dàyī | Uzoefu, sasa hajalivaa |

Kwa hiyo *zhe* siyo "-na-", ingawa wanafunzi wengi huifundishwa hivyo. "-na-" ya tendo linaloendelea ni 在 (zài) kabla ya kitenzi. *Zhe* ni -me- ya mkao: amekaa 坐着 (zuòzhe), amesimama 站着 (zhànzhe), amechuchumaa 蹲着 (dūnzhe), ameshika 拿着 (názhe), amevaa kofia au miwani 戴着 (dàizhe), amebeba mgongoni 背着 (bēizhe). Ukiweza kumpiga mtu picha na ile -me- ikaonekana kwenye picha, umeshapata *zhe*.

Linganisha sasa na *le* kwenye mlango:

门开了。 Mén kāi le. Mlango umefunguka.
门开着。 Mén kāizhe. Mlango uko wazi.

Ya kwanza unaisema ukisikia kitasa kikilia: ulikuwa umefungwa, sasa mambo yamebadilika. Ya pili unaisema ukiukuta hivyo, na hujui wala hujali ulifunguliwa lini. *Le* inatazama badiliko, *zhe* inatazama kilichobaki.

Jaribio la picha lina mpaka wake, na ni vizuri kuujua mapema. Nimechoka, nimeshiba, nimejua, nimeelewa: zote ni hali zilizobaki, na Mswahili aliyeshika kanuni yangu hapo juu atataka kuandika 我累着. Hapana. Mambo ya ndani ya mwili na akili yanaingia kwa *le*, kama mabadiliko: 我累了 (wǒ lèi le) nimechoka, 我饱了 (wǒ bǎo le) nimeshiba, 我知道了 (wǒ zhīdào le) nimejua, 我明白了 (wǒ míngbai le) nimeelewa. *Zhe* inataka mkao wa mwili, kitu kilichoshikwa, kilichovaliwa, kilichowekwa au kubandikwa mahali.

Na "amelala"? Hii yetu ina maana mbili, nayo Kichina kinazitenga. Kama amejinyoosha kitandani, macho yamefumbuliwa, ni 躺着 (tǎngzhe). Kama usingizi umemchukua, ni 睡着了, na hapo ile herufi 着 haisomwi *zhe*, inasomwa *zháo*: shuìzháo le. Maandishi ni yaleyale, kazi ni nyingine. Katika "shuìzháo" inaeleza kwamba alichokitafuta, usingizi, amekipata.

Jambo la mwisho juu ya *zhe*: haikai na muda. "Amekaa masaa mawili" huwezi kuisema 他坐着两个小时. Ukishahesabu masaa umeacha kutazama picha, umeanza kupima, na kupima ni kazi ya *le*: 他坐了两个小时 (tā zuò le liǎng ge xiǎoshí). Lakini *zhe* inapenda kubeba kitenzi kingine mgongoni. 他站着吃饭 (tā zhànzhe chī fàn) ndiyo ileile "anakula kasimama" ya mtaani.

Mahali: mbele ya kitenzi au nyuma yake

Kiswahili kinapeleka mahali mwisho: nakula nyumbani, nilinunua viatu sokoni. Kichina kinapaweka kabla ya kitenzi, na wakati kabla ya mahali:

我昨天在市场买了两双鞋。 Wǒ zuótiān zài shìchǎng mǎi le liǎng shuāng xié.

Neno kwa neno: mimi, jana, kwenye soko, nilinunua, pea mbili za viatu. Ukitaka unaweza kuianza na *zuótiān*, ukaiweka mbele ya "mimi". Usichoweza ni kuitupa mwisho kama tunavyofanya sisi. 我吃饭在家 kwa "nakula nyumbani" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kichina. Sema 我在家吃饭 (wǒ zài jiā chī fàn).

Kisha unakutana na 放在桌子上 (fàng zài zhuōzi shàng), "weka mezani", mahali pakiwa nyuma ya kitenzi, na unadhani kanuni imevunjika. Haijavunjika. Swali la kujiuliza ni hili: mahali hapo ndipo tendo linapofanyika, au ndipo kitu kinapoishia? "Ninaandika darasani": darasa ni uwanja wa tendo, linatangulia, 我在教室写字 (wǒ zài jiàoshì xiě zì). "Liandike ubaoni": jina linaishia ubaoni, basi mahali panafuata kitenzi, 写在黑板上 (xiě zài hēibǎn shàng). Vitenzi vya namna hii si vingi sana: kuweka 放, kukaa 坐, kusimama 站, kubandika 贴, kuandika 写. Kuishi, 住 (zhù), kinakubali njia zote mbili, na wengi husema 我住在 kisha jina la mji.

Angalia pia kwamba "-ni" yetu haifasiriwi na *zài* peke yake. Mezani ni 在桌子上, na ile *shàng* ya mwisho lazima iwepo, maana *zhuōzi* ni kitu, siyo mahali, mpaka uambiwe ni juu yake au chini yake. Majina ya miji hayahitaji nyongeza hiyo: 在广州 inatosha.

Sasa kuna muundo mmoja ambao ninaupenda kuliko yote, kwa sababu ni kama wa nyumbani. Sisi tunasema "ukutani pametundikwa ramani", "mlangoni pamesimama watu wawili". Mahali panakuja mwanzo na kitenzi kinapatana napo kwa "pa-". Kichina:

墙上挂着一张地图。 Qiáng shàng guàzhe yì zhāng dìtú. Ukutani pametundikwa ramani.
门口站着两个人。 Ménkǒu zhànzhe liǎng ge rén. Mlangoni pamesimama watu wawili.

Mahali mbele bila *zài*, kitenzi na *zhe*, kisha kitu au mtu ambaye msikilizaji hamjui bado. Ile "pa-me-" ndiyo *zhe* yako. Hapa, kwa ukuta na ramani, 挂了 pia inakubalika na maana haibadiliki sana, kwa hiyo usihangaike ukiiona. Lakini mtu anayejulikana hakai mwisho wa muundo huu. Kama ni mwenzako, mtaje kwanza: 他站在门口 (tā zhàn zài ménkǒu).

Wakati: saa ngapi au muda gani

Saa ya tukio inatangulia kitenzi, urefu wa tukio unafuata. Sisi tunaziweka zote nyuma, "nilifika saa mbili", "nilisubiri masaa mawili", kwa hiyo mkono unazoea vibaya.

我八点就到了。 Wǒ bā diǎn jiù dào le. Nilishafika saa mbili.
我等了两个小时。 Wǒ děng le liǎng ge xiǎoshí. Nilisubiri masaa mawili.

Umeona kwamba saa mbili imegeuka *bā diǎn*, nane. Saa ya Kichina inahesabiwa toka usiku wa manane, yetu toka alfajiri na magharibi, tofauti ni sita. Mtu akikuahidi *liǎng diǎn* baada ya chakula, ni saa nane mchana.

Katika sentensi ya kusubiri, ongeza *le* ya pili mwishoni na maana inahama: 我等了两个小时了, nimesubiri masaa mawili na bado nasubiri. *Le* moja ni "nilisubiri", *le* mbili ni "nimesubiri" ya mtu ambaye bado yuko kwenye foleni. Hapo -li- na -me- zetu zinalingana na Kichina vizuri kuliko mahali pengine popote.

Tarehe na anwani zote zinashuka toka kubwa kwenda ndogo: mwaka, mwezi, siku, saa, nchi, mji, mtaa, namba. Ukiijaza fomu ya mzigo kwa mpangilio wetu, dereva ataisoma kinyumenyume.

Bado kuna -li- moja ambayo haiendi popote kati ya hivi vitatu. Unajua mtu kafika, unachouliza ni lini: "Ulifika lini?" Usiseme 你什么时候到了. Sema 你是什么时候到的？ (nǐ shì shénme shíhou dào de?). Tendo lenyewe halina ubishi tena, unachunguza kipande chake kimoja, saa au mahali au namna, na kipande hicho kinazungushiwa *shì* na *de*.

Ujumbe mmoja wenye -me- sita

Chukua ujumbe wa kawaida wa mtu aliyekwenda kuchukua mzigo, akakuta mambo si mambo:

"Nimefika stoo. Mlango umefungwa na kufuli. Nje pamesimama vijana wawili, mmoja amebeba boksi. Nimewahi kuja hapa mara mbili, lakini bosi huyu sijawahi kumwona. Nimemsubiri nusu saa."

Nimefika: badiliko, habari mpya, kwa hiyo *le* mwishoni. Umefungwa: naukuta hivyo, picha inaonyesha, *zhe*. Pamesimama: "pa-" na mkao, *zhe*, mahali mbele bila *zài*. Amebeba: *zhe*, na boksi limekumbatiwa mikononi, basi kitenzi ni 抱 (bào). Mgongoni kingekuwa 背. Nimewahi: *guo*, na ile "mara mbili" inakaa nyuma kwa sababu ni kipimo. Sijawahi: *méi* pamoja na *guo*. Nimemsubiri: muda nyuma, na bado ninasubiri, kwa hiyo *le* mbili. Neno "yeye" linaingia kati ya kitenzi na muda.

我到仓库了。 Wǒ dào cāngkù le.
门锁着。 Mén suǒzhe.
门口站着两个小伙子，一个抱着箱子。 Ménkǒu zhànzhe liǎng ge xiǎohuǒzi, yí ge bàozhe xiāngzi.
我来过这儿两次，可是没见过这个老板。 Wǒ láiguo zhèr liǎng cì, kěshì méi jiànguo zhège lǎobǎn.
我等了他半个小时了。 Wǒ děng le tā bàn ge xiǎoshí le.

Ukikosea sehemu moja tu ya ujumbe huu, nakuomba isiwe ya mwisho. Ukiidondosha *le* ya mwishoni, bosi akiisoma ataelewa kwamba ulimsubiri nusu saa, ikaisha. Hataharakisha kuja kukufungulia, kwa sababu maneno yako hayamwambii kwamba bado umesimama pale.